Usipime majirani tu: kosa langu kwenye kigezo cha Cauchy

Mwaka wa kwanza chuoni nilipoteza alama za swali zima kwa sentensi moja. Niliandika kwamba tofauti kati ya namba moja ya mfuatano na ile inayofuata inaelekea sifuri, kwa hiyo mfuatano una kikomo. Msahihishaji hakunieleza kitu. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + ...

Siku mbili nilikuna kichwa. Ukijumlisha kipande kimoja kimoja unapata mfuatano wa jumla: hatua ya n inaongeza 1/n tu, na hiyo inazidi kupungua. Sasa chukua jumla ya vipande n vya kwanza, uilinganishe na jumla ya vipande 2n. Katikati yake mna vipande n, na hakuna kilicho chini ya 1/(2n). Vyote pamoja havipungui nusu. Hata n ikiwa milioni moja, pengo la nusu liko palepale. Jumla hiyo hupanda bila mwisho, ila kwa mwendo wa kinyonga.

Alichodai mwanahisabati Mfaransa Cauchy mwaka 1821, ili mfuatano uwe na kikomo, ni kikali zaidi. Mtu akikutajia umbali wowote mdogo, tuuite ε, umwonyeshe mahali N ambapo kuanzia hapo namba zozote mbili za mfuatano, ziwe jirani au zimeachana kwa mamilioni, zinatofautiana kwa chini ya ε.

Jaribu na 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 + ... Kikomo chake ni π²/6, na kukipata ilikuwa kazi ya Euler, sisi hatukihitaji. Tuite jumla ya vipande n vya kwanza S(n), na tuchukue m kubwa kuliko n. Tofauti ni

S(m) − S(n) = 1/(n+1)² + ... + 1/m²

Kila 1/k² hapo ni ndogo kuliko 1/(k(k−1)), ambayo ni sawa na 1/(k−1) − 1/k. Ukijumlisha, vya katikati vinafutana na kubaki 1/n − 1/m, chini ya 1/n. Ukipewa ε = 0.01, basi N = 100 inatosha.

Angalia m ilivyotoweka. Siku hizi hicho ndicho ninachokikagua kwanza kwenye kazi yangu: kama kadirio la mwisho bado linakua kadiri m inavyokua, sijathibitisha chochote. Na nikiona nimeandika n+1 mahali pa m, najua nimerudia kosa la zamani.

Usisahau pia kuandika kwamba uko kwenye namba halisi. Mfuatano 1, 1.4, 1.41, 1.414 na kuendelea una namba za sehemu tupu, na zinakaribiana kama kigezo kinavyotaka. Lakini zinaelekea √2, ambayo haiandikiki kama sehemu, kwa hiyo ukibaki ndani ya namba za sehemu hutakipata kikomo chake.