Duma wangu anakaa kama yuko studio

*Shikamoo mwalimu. Natengeneza picha za wanyama kwa programu ya akili unde, za kitabu cha shule. Nimeandika "duma mzuri wa Serengeti, lenzi ya 600mm, anawinda swala, ubora wa juu kabisa", lakini kila mara anatoka ameketi katikati, ananitazama usoni, na swala wamesimama nyuma yake kama pazia. Nakosea wapi?*

Marahaba. Anza kwa kufuta "mzuri" na "ubora wa juu kabisa". Programu hizi zimejifunza kutokana na picha pamoja na maelezo yaliyoandikwa chini yake, na maneno ya sifa huambatana zaidi na mabango na kalenda, ambako mnyama huwa katikati akitazama kamera. Umeomba bango bila kukusudia.

"600mm" iache, ila haitoshi. Programu haipigi hesabu za lenzi. Namba hiyo kwake ni dokezo tu, kwa hiyo andika pia kile ambacho lenzi ndefu hukifanya. Tuchukue duma wako aliye mita 40 kutoka kwenye gari. Kwa kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 600 huona upana wa mita 2.4 tu kwa umbali huo. Duma aliyesimama ubavu anaingia na mkia wake, na nafasi inayobaki ni ndogo. Ukifungua lenzi hadi f/5.6, eneo linaloonekana kali lina kina cha mita moja na nusu hivi. Ubavu wote unakuwa mkali, nyasi zilizo karibu na gari zinageuka ukungu wa rangi, na mbuga iliyo nyuma inalainika.

Halafu swala. Wakiwa mita 120 nyuma ya duma, wako mita 160 kutoka kwako, yaani mara nne ya umbali wake. Kwa hiyo kwenye picha wanapungua kufikia robo ya ukubwa wao ukiwalinganisha na duma. Ungempiga duma huyo huyo kwa lenzi fupi ukiwa mita 4, swala wangekuwa vitone tu. Umbali wa kusimama ndio unaoyasogeza mambo ya nyuma yaonekane karibu. Lenzi ndefu kazi yake ni kukata kipande hicho na kukikuza. Ndiyo maana mita ziandikwe pia.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye neno "anawinda". Ni jina la shughuli, halisemi mwili umekaaje. Duma anayetafuta mawindo hupenda kupanda kichuguu apate kuona juu ya nyasi. Shingo inanyooka, masikio yanaelekea mbele, mdomo umefumba. Mdomo wazi na kuhema ni duma aliyekwisha kukimbia. Swala nao waamulie: kama hawajamwona, vichwa viko chini wanakula, wakishamwona, vichwa vyote vinainuka na kumwelekea. Kuchanganya hali hizo mbili ndiko kunakoifanya picha ionekane ya uongo, hata kwa mtu asiyejua kwa nini.

Kisha macho. Usiandike "asitazame kamera". Programu nyingi hukosea kwenye ukanushaji, na neno "kamera" lenyewe huleta mtazamo ule ule. Mpe kitu cha kutazama. Na kama swala wako nyuma yake, hawezi kuwatazama huku akikuonyesha uso mzima. Utapata sikio, shavu na mstari mmoja mweusi wa machozi. Najua mhariri wako atautaka uso, mtetee duma.

Mimi ningeandika hivi kwa Midjourney, mojawapo ya programu hizo, kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho inachokielewa vizuri zaidi:

```
cheetah standing side-on on a low termite mound,
head turned away toward gazelles grazing 120 m behind,
ears forward, mouth closed, 600mm telephoto from 40 m,
eye level, blurred grass in foreground, soft background,
early morning side light --ar 3:2 --style raw
```

Duma amekuja mwanzo makusudi, kwani maneno ya mwanzo huwa na uzito zaidi. `--ar 3:2` ni uwiano wa upana na kimo cha picha, na `--style raw` hupunguza mapambo ambayo programu hujiongezea yenyewe. Mwanga nimeuweka wa asubuhi na mapema, kwa sababu mchana joto la ardhini huitikisa hewa na picha halisi ya mbali hupoteza ukali.

Ikitoka, kagua kwanza madoa: ya duma ni meusi, yamejaa, yakiwa mapete yenye uwazi katikati, umepewa ngozi ya chui. Kisha fuata mstari kutoka kichwani mwa duma uone kama unawafikia swala. Angalia pia kama nyasi zilizo miguuni pake ni kali sawa na zilizo mbele kabisa ya picha. Zikilingana, lenzi ndefu haikusikika, na hapo ongeza maneno ya ukungu wa mbele kabla hujagusa kitu kingine. Badilisha kifungu kimoja kila jaribio, vinginevyo hutajua kipi kilichosaidia.

Na kwa kuwa ni kitabu cha shule, chini ya picha andika kwamba imetengenezwa kwa akili unde. Mtoto atakayemwona duma huyo ataamini kuna mtu alikuwa pale asubuhi hiyo.