Hotuba ya mwenyekiti kwa wanachama wapya: kikomo cha hasara kabla ya hesabu ya faida

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya uwekezaji hapa Uyole, Mbeya. Tuko wanachama 30, kila mmoja anachanga shilingi 50,000 kwa mwezi, na mfuko umefika shilingi milioni 30. Jumamosi ijayo tunapokea wanachama wapya 9, na tayari wanauliza kwa nini fedha yote isinunue mpunga Igurusi wakati wa mavuno, tuuze Februari. Katiba yetu inasema uamuzi mmoja usipoteze zaidi ya asilimia 5 ya mfuko, lakini hata sisi wa zamani hatujui kuieleza. Hotuba yangu iwaambie nini?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, hotuba yako iwafundishe hesabu moja tu, nayo ni ile inayogeuza asilimia 5 kuwa idadi ya magunia. Kanuni iliyoandikwa kwa asilimia haimzuii mtu aliyeona jirani yake akijenga nyumba kwa faida ya mpunga. Kanuni hiyo hiyo ikitamkwa kwa magunia na kwa miezi ya michango, anaielewa hata yule ambaye hajawahi kusoma katiba yenu.

Asilimia 5 ya milioni 30 ni shilingi 1,500,000, na wanachama 30 wakichanga 50,000 kila mmoja wanapata kiasi hicho hicho kwa mwezi mmoja. Kwa mfuko wenu wa sasa, basi, katiba inasema kwamba kosa la uamuzi mmoja lisile zaidi ya mchango wa mwezi mmoja. Ukiianza hotuba hapo, kila mtu ukumbini atajua unazungumzia jasho la nani.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo vikundi vingi huiruka. Kabla ya kuuliza tutapata kiasi gani, kaeni muulize gunia moja linaweza kutupotezea kiasi gani mambo yakienda vibaya, lakini vibaya kwa namna inayofahamika sokoni. Nitachukua bei za mfano. Ninyi mtaweka zenu siku ya kununua. Tuseme gunia la kilo 100 linanunuliwa kwa shilingi 70,000, na usafiri, viroba, chaga, dawa ya wadudu na kodi ya stoo vinaongeza 6,000, hivyo kila gunia limewagharimu 76,000. Mpunga ulionunuliwa ukiwa na unyevu hupungua uzito ukikaa, na panya nao wana sehemu yao, kwa hiyo wekeni upungufu wa kilo 4 kwa kila gunia. Kisha tuseme Februari bei haikupanda, bali imeshuka hadi shilingi 600 kwa kilo. Kilo 96 zitawapa shilingi 57,600. Mmepoteza 18,400 kwa kila gunia, ambayo ni karibu robo ya gharama yote.

Watakuambia kwamba bei haijawahi kushuka Februari. Wakumbushe mwaka 2013, serikali iliporuhusu mchele wa nje uingie nchini bila ushuru na bei ya mpunga ikashuka, wakati waliokuwa wamehodhi walitarajia ipande. Mkulima wa Mbarali hakuwa amekosea chochote shambani mwake, na mfanyabiashara hakuwa amenunua mpunga mbaya. Bei iliamuliwa mahali ambapo hakuna mwanachama wa klabu anayeketi.

Sasa gawanya hasara inayoruhusiwa kwa sehemu ya gharama inayoweza kupotea. Shilingi 1,500,000 zikigawanywa kwa robo, yaani 0.25, zinatoa shilingi 6,000,000. Hicho ndicho kiasi cha juu ambacho klabu yenu inaweza kuweka katika mpunga msimu mmoja, nacho kinatosha magunia 78. Bei ikishuka kama nilivyoonyesha, magunia hayo yatawapotezea shilingi 1,435,200. Lakini mkiwa mmenunua kwa milioni 30 zote, mtakuwa na magunia 394 na hasara itazidi shilingi milioni 7.2. Hiyo ni michango ya karibu miezi mitano, na mfuko uliobaki utahitaji kupata faida ya karibu asilimia 32 ili urudi tu pale ulipokuwa.

Uwe mkweli pia kuhusu upande wa pili, kwa sababu usipoutaja wewe, atautaja mwanachama mpya na hotuba itaharibika. Bei ikipanda hadi shilingi 1,000 kwa kilo, kila gunia litawapa faida ya 20,000. Magunia 78 yataleta shilingi 1,560,000, ilhali magunia 394 yangeleta 7,880,000. Kanuni inawanyima zaidi ya milioni 6 katika mwaka mzuri, na hilo liseme waziwazi. Mimi nimefanya hesabu za vikundi vya akiba hapa Mbeya kwa miaka mingi, na sijaona kikundi kilichovunjika kwa sababu ya faida iliyokosekana. Niliowaona wakigawana mabaki na kuacha kusalimiana ni wale waliopoteza michango ya miezi mitano kwa mkupuo, kwani wapo wanaoweza kusubiri mwaka wa pili na wapo wasioweza.

Sehemu ya hotuba yenyewe ningeiandika hivi, nawe urekebishe takwimu:

«Ndugu wanachama wapya, karibuni. Mmeuliza kwa nini hatuweki fedha yote katika mpunga, na swali hilo ni halali. Fedha mnayoiona katika daftari ni miezi 20 ya michango ya watu 30, na wengine kati yao waliichanga katika miezi ambayo nyumbani palikuwa na mgonjwa. Tumekubaliana kwamba uamuzi wetu mmoja, hata ukiwa mbaya, usichukue zaidi ya mwezi mmoja wa michango hiyo. Kwa hiyo anayeleta pendekezo hapa, awe mzee wa klabu au ameingia leo, ataanza kwa kutuambia tunaweza kupoteza kiasi gani na kwa sababu gani, ndipo atuambie faida. Akileta mpunga, tutakokotoa magunia. Akileta viazi au nyanya, ambavyo vikikosa mnunuzi vinaoza, tutakadiria hasara kubwa zaidi na kuweka fedha ndogo zaidi. Asiyeweza kutaja hasara ya pendekezo lake hajalimaliza, na tutampa muda akalimalize.»

Nimetaja viazi makusudi. Mpunga mkavu, wenye unyevu usiozidi asilimia 14, unaweza kusubiri stoo bei ikiwa mbaya, lakini viazi vilivyokwishachimbwa Umalila havina subira hiyo. Mkikadiria kwamba viazi vinaweza kupoteza asilimia 40 ya fedha mliyoweka, shilingi 1,500,000 zigawanywe kwa 0.40, na kikomo kinashuka hadi 3,750,000. Kwa upande mwingine, dhamana ya serikali ya siku 182, yaani mkopo mnaoipa serikali, ikishikwa hadi mwisho wa muda wake inarudisha kiasi kilichojulikana tangu siku ya kununua, na kwa hiyo kikomo hiki hakiibani. Kanuni ni moja, bali kiasi kinafuata tabia ya kitu chenyewe, na ndiyo maana haifai kuwapa wanachama wapya orodha ya vitu vizuri na vibaya.

Kuna mambo mawili ambayo hesabu hii haiyaoni, na lazima uyataje. La kwanza ni moto na wizi. Robo niliyoitumia ni hasara ya bei na uzito, wala si hasara ya stoo iliyovunjwa usiku. Mpunga wa milioni 6 ukipotea wote, mfuko umepoteza asilimia 20, mara nne ya kinachoruhusiwa. Ama mkate bima ya mali iliyo stoo, ama muugawe mpunga katika stoo mbili zisizo katika kiwanja kimoja, na katiba iongezwe kikomo cha pili kwamba kitu kimoja kisichukue zaidi ya asilimia 20 ya mfuko hata kama hasara yake inakadiriwa kuwa ndogo.

La pili hujificha zaidi. Klabu inaweza kununua mpunga wa milioni 6, kisha ikawakopesha wanachama wanne wanaofanya biashara ya mchele milioni 5, na kununua hisa za milioni 3 katika mashine ya kukoboa ya mwanachama mwingine. Katika daftari vinaonekana kuwa vitu vitatu. Bei ya mpunga ikianguka, magunia yanapungua thamani, wanne wanachelewesha marejesho, na mashine inakosa wateja, yote ndani ya wiki hizo hizo. Vihesabiwe pamoja kama kitu kimoja cha milioni 14, ambacho kimeshavuka kikomo mara mbili na zaidi. Mweka hazina atautambua mtego huu kwa kuuliza kila mara swali moja: bei ya kitu hiki ikishuka, ni nani mwingine kati yetu atakayeshindwa kulipa?

Hakikisheni pia kwamba mpunga haushiki fedha ambayo watu wataihitaji Januari kwa ada za shule. Mikopo ya Januari iwekewe fedha yake kando, kwa mfano katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao vipande vyake huuzwa na fedha kupatikana ndani ya siku chache za kazi. La sivyo mtalazimika kuuza mpunga kabla ya wakati mlioukusudia, kwa bei atakayotaka dalali.

Kanuni itajaribiwa mwezi wa Oktoba, na haitakuwa siku ya kununua. Bei ikishuka kidogo, mtu atasimama na kusema tuongeze magunia mengine ili wastani wa gharama yetu ushuke. Wastani utashuka kweli, lakini fedha iliyo hatarini itakuwa imeongezeka huku sababu ya kushuka kwa bei ikiwa haijajulikana. Andikeni mapema kwamba kitu kilichofika kikomo hakiongezwi fedha msimu huo, na kwamba ombi lolote la kutaka kanuni ilegezwe «mara hii tu» halipigiwi kura katika mkutano lilipoletwa, bali baada ya siku 14. Bei nzuri ya kweli haitoweki ndani ya wiki mbili mara nyingi, na inapotoweka, klabu imekosa faida lakini mfuko wake upo.

Kabla ya Jumamosi, mwombe mweka hazina akupe thamani ya mfuko kwa siku hiyo, si jumla ya michango tangu mlipoanza. Mikopo ambayo haijarejeshwa kwa zaidi ya miezi mitatu iondolewe katika hesabu. Ikiwa ni shilingi milioni 4, mfuko wa kukokotolea ni milioni 26, hasara inayoruhusiwa ni 1,300,000, na kikomo cha mpunga ni 5,200,000, yaani magunia 68. Takwimu hizo ndizo uzisome ukumbini.