Mchumba wa Istanbul na laki saba zangu za mpunga

Juzi saa tano usiku msomaji wa Makambako kaniandikia: "Dada, mchumba wangu kapata ajali Uturuki, hospitali wanataka milioni moja na laki mbili ndipo wampasue. Nitume?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Yaliyomkuta yalinikuta mimi, na mimi sikuuliza mtu.

Nauza mchele Mwanjelwa. Wangu alijiita injinia wa melini, mzaliwa wa Tanga, mjane. Miezi minne tulisalimiana asubuhi na jioni, mpaka bei ya gunia akawa ananiuliza (mume niliyeachana naye hakuwahi). Jioni moja nafunga duka, ujumbe ukaingia: kagongwa na gari Istanbul, pochi imeibwa. Nikatuma laki mbili. Kesho yake laki tano za dawa. Hela yenyewe ilikuwa ya mkulima wa Ubaruku aliyenikopesha mpunga.

Sasa tazama. Mgonjwa yuko Istanbul, namba ya kupokelea ni ya hapahapa Tanzania, eti rafiki yake wa Dar atabadilisha kuwa dola. Kabla sijaweka namba ya siri, simu ilinionyesha jina la mwanamke nisiyemjua. Nililisoma vizuri kabisa. Nikabonyeza.

Mara ya tatu alitaka milioni. "Fanya haraka mpenzi, huku saa saba usiku, mhasibu anaondoka." Kwangu ilikuwa saa tatu kasorobo. Mwanangu wa kidato cha pili akachungulia: "Mama, Istanbul na Mbeya saa zao ni sawa." Kweli, Uturuki hawarudishi saa nyuma wala kuzisogeza, mwaka mzima wako sawa na sisi. Nikaomba tuonane kwa video. Kamera, akasema, ilivunjika kwenye ajali. Nikauliza wodi. Akaninunia siku nzima, mgonjwa mahututi ananuna!

Kwa hiyo dada wa Makambako, taka jina la hospitali, kisha namba yao itafute mwenyewe, usipige atakayokupa yeye. Huenda wasikuambie habari za mgonjwa, lakini watakuambia kama wanalipwa kupitia simu ya mtu wa Dar.

Ukishatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, maana wakishatoa kwa wakala hakuna cha kurudishwa. Zangu zilitolewa kabla sijafika nyumbani. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040, halafu nenda polisi ukiwa na ujumbe wote kwenye simu. Mimi kwa aibu nilifuta kila kitu, nikafika kaunta na hadithi tupu. Na "wakili" akikupigia akitaka laki na nusu akurudishie hela yako, mkatie. Wangu alipiga wiki iliyofuata, na alijua hadi kiasi nilichotuma. Ni walewale.

Jana dada kanijibu: "Nimemuuliza wodi. Hajajibu, ila yuko hewani."