Pakiti zinapotea baada ya ruta: jinsi nilivyojua ni wapi hasa

"Waungwana, mimi niko Kisauni. Kila jioni simu za video zinakatika na sauti inakwaruza. Mtoa huduma anasema laini ni nzima. Nimeendesha `tracert` na mstari wa tatu umejaa nyota tupu. Je, pakiti zinapotelea hapo? Nikalalamike vipi ili nisikilizwe?"

Ndugu, kabla hujaandika malalamiko kuhusu mstari huo wa tatu, niruhusu nikueleze aibu iliyonipata mimi mwenyewe. Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kwa kuwa ndiye ninayezielewa kompyuta zaidi kidogo kuliko wenzangu, mambo yote ya mtandao huishia mezani kwangu. Mwaka mmoja mtandao wetu ulianza kukatika katikati ya kujaza nyaraka za mizigo. Niliendesha `tracert`, nikaona nyota kama zako katika mstari wa tatu, nikapiga picha ya kioo na kuituma kwa mtoa huduma kwa maneno makali. Nilijibiwa kwa upole kwamba ruta hiyo haina tatizo lolote, na kwa bahati mbaya walikuwa na haki.

Sababu ni hii. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni, hubeba tarakimu iitwayo TTL, na kila ruta inayoipitisha hupunguza moja. Tarakimu ikifika sifuri, ruta iliyoishika pakiti huitupa na kumrudishia mtumaji taarifa kwamba imekwisha muda wake. `tracert` hutumia desturi hiyo kwa makusudi: hutuma pakiti tatu zenye TTL ya 1, kisha tatu zenye 2, kisha tatu zenye 3, na hivyo kila ruta njiani hulazimika kujitaja kwa zamu. Lakini kuandika taarifa hiyo si kazi kuu ya ruta. Katika ruta kubwa za watoa huduma, pakiti zinazopita huvushwa na vifaa maalumu vyenye kasi kubwa, ilhali taarifa hizo huandaliwa na kichakataji cha ruta chenye shughuli nyingine nyingi, na mara nyingi wenyewe wameiwekea kikomo cha taarifa inazoweza kutoa kwa sekunde au wameizuia isitoe kabisa. Ni kama mfanyakazi wa feri ya Likoni ambaye amekupuuza ulipomwuliza saa: kutokujibu kwake hakumaanishi kwamba feri haivuki.

Kwa hiyo nyota katika mstari mmoja peke yake hazithibitishi kitu. Upotevu wa kweli huanza mahali fulani kisha ukaendelea katika kila mstari unaofuata hadi mwisho wa safari, kwa sababu pakiti iliyopotea katika hatua ya pili haiwezi kufufuka katika hatua ya tano. Ikiwa mstari wa tatu una nyota lakini wa nne, wa tano na wa mwisho inajibu vizuri, basi mstari wa tatu unapitisha kila kitu na umenyamaza tu.

Hivi ndivyo nilivyofanya mara ya pili, baada ya kutulia. Kwanza niliiunganisha kompyuta na ruta kwa waya, nikazima waifai ya kompyuta hiyo, kwa sababu waifai hupoteza pakiti zake yenyewe na kuchafua vipimo vyote vya mbele. Kisha nikachukua ramani ya njia hadi 1.1.1.1, seva ya umma iliyo mtandaoni:

```
tracert -d 1.1.1.1
```

Herufi `-d` huizuia kompyuta isihangaike kutafuta majina ya kila ruta, na matokeo huja haraka zaidi. Niliyoyaona yalifanana na haya, ingawa anwani za katikati nimezibadilisha:

```
1   <1 ms   <1 ms   <1 ms  192.168.1.1
2    6 ms    5 ms    *     100.72.0.1
3    *       *       *     Request timed out.
4   15 ms   14 ms   16 ms  10.44.0.9
5   16 ms    *      15 ms  1.1.1.1
```

Mstari wa kwanza ni ruta ya ofisini. Wa pili ni mlango wa mtoa huduma, yaani kifaa cha kwanza kilicho nje ya jengo letu. Anwani zinazoanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya watoa huduma, kwa hiyo usishtuke ukiziona. Ramani hii hutuma pakiti tatu tu kwa kila hatua, nayo haitoshi kupima upotevu. Kazi yake ni kutupatia anwani za kupigia `ping`, amri inayotuma pakiti kwa anwani moja na kuhesabu zinazojibiwa.

Nilifungua madirisha manne ya amri na kuyaendesha yote kwa wakati mmoja:

```
ping -n 300 192.168.1.1
ping -n 300 100.72.0.1
ping -n 300 10.44.0.9
ping -n 300 1.1.1.1
```

Mwenye Linux au Mac aandike `-c` mahali pa `-n`. Kuyaendesha pamoja ni muhimu, maana ukipima ruta saa moja na mlango wa mtoa huduma saa mbili, utakuwa unalinganisha hali mbili tofauti. Pakiti 300 huchukua takriban dakika 5. Usitosheke na zile 4 ambazo Windows hutuma usipoiambia idadi: laini inayopoteza pakiti 10 katika kila 100 inaweza kuzipitisha zote 4 bila dosari karibu mara mbili katika kila majaribio matatu, nawe ukaondoka ukiamini kwamba laini ni nzima. Nadhani majibu mengi ya "tumepima, iko sawa" huzaliwa hapo.

Ruta yetu ilijibu zote 300. Mlango wa mtoa huduma ulikosa kujibu 24, hatua ya nne ilikosa 25, na mwisho wa safari ulikosa 23. Tazama jinsi hesabu hizo zinavyokaribiana: upotevu wa takriban asilimia 8 unaanza mara tu baada ya ruta, na kuanzia hapo hauongezeki. Mstari wa tatu wenye nyota haukuongeza hata chembe. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kati ya ruta yetu na mlango wa mtoa huduma, mahali ambapo sikupatazama hata kidogo katika malalamiko yangu ya kwanza.

Hata hivyo, sikutuma barua papo hapo, kwa sababu kipande hicho cha njia kina mtego wake. Pakiti inaweza kupotea hapo kwa laini mbovu, lakini pia inaweza kupotea kwa sababu sisi wenyewe tumeijaza laini. Yalinipata nyumbani: upotevu ulianza mstari wa pili vilevile, nami nikajiandaa kugombana na watu, kumbe simu ya mpwa wangu ilikuwa ikipandisha video zake za harusi mtandaoni. Njia ya kupandisha ilikuwa nyembamba, pakiti zikapanga foleni ndani ya ruta, na foleni ilipojaa zilizobaki zikatupwa. Kutambua tofauti si vigumu ukizitazama pakiti zilizofika badala ya kuzihesabu zilizopotea. Siku ile nyumbani, muda wa kwenda na kurudi hadi mstari wa pili ulipanda kutoka milisekunde 6 hadi zaidi ya 300 kabla pakiti hazijaanza kupotea, na ulishuka mara niliposimamisha simu ile. Ofisini, pakiti 276 zilizofika zilichukua milisekunde 5 hadi 8 zote, huku nyingine zikitoweka katikati yake bila dalili ya foleni. Muda ukitulia namna hiyo ilhali pakiti zinapotea, mshuku waya, kiunganishi au mawimbi ya redio.

Hali yako wewe ya jioni inaweza kuwa ya tatu. Ondoa vifaa vyote vya nyumbani kwenye ruta, ubaki na kompyuta moja, kisha upime saa mbili usiku na tena saa kumi na moja alfajiri. Ikiwa usiku muda wa mstari wa pili au wa nne unapanda na pakiti zinapotea ilhali nyumba yako imenyamaza, na alfajiri kila kitu kinatulia, basi foleni iko kwa mtoa huduma, ambaye ameunganisha wateja wengi kuliko njia yake inavyobeba. Ruta mpya haitakusaidia kitu.

Jambo moja la kusoma kwa makini kwenye Windows: mstari unaosema `Destination host unreachable` huhesabiwa kama jibu lililopokewa, hivyo muhtasari wa chini unaweza kuandika asilimia 0 ya upotevu wakati hakuna hata pakiti moja iliyofika. Soma mistari yenyewe, usisome muhtasari peke yake.

Wala usidhani kila muda unaoruka ni ubovu. Ukipima seva iliyo Ulaya utaona mahali ambapo muda unaongezeka ghafla kwa makumi ya milisekunde, na hapo mara nyingi ndipo pakiti zimeingia baharini. Kebo ya TEAMS, kwa mfano, inatoka hapa Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000; mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 50, na hakuna fundi awezaye kuzipunguza.

Barua yangu ya pili ilikuwa fupi: tarehe, saa, matokeo ya madirisha manne, maelezo kwamba kompyuta ilikuwa kwenye waya na vifaa vingine vimezimwa, na sentensi moja kwamba upotevu unaanzia kati ya mstari wa kwanza na wa pili huku muda ukiwa umetulia. Fundi alikuja na kupanda moja kwa moja juu ya paa, ambako wao wameweka redio inayotuunganisha na mnara wao. Kiunganishi cha waya unaoshuka kutoka kwenye redio kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari hadi pini zake zikawa na ukungu wa kijani. Vipimo vyangu visingeweza kuniambia kama ni waya, redio au mnara, kwa sababu vyote hivyo viko katikati ya mistari miwili na havijitaji. Alikata kipande kibovu, akafunga kiunganishi kipya na kukiziba, nami nikarudia `ping` ya pakiti 300 kwenda mstari wa pili kabla hajashuka ngazi. Zilirudi zote.

Kikomo kimoja kimebaki. `tracert` huonyesha njia ya kwenda tu, na majibu yanaweza kurudi kwa njia nyingine kabisa. Upotevu ukianzia mbali, tuseme mstari wa nane, huenda pakiti zako zinafika salama na majibu ndiyo yanayopotea, na hilo hutalijua mpaka mtu wa upande wa pili apime kuelekea kwako. Kwa mistari miwili ya mwanzo wasiwasi huo ni mdogo, kwa sababu kwa kawaida njia ya kutoka nyumbani ndiyo hiyohiyo ya kurudia.

Pima leo usiku na kesho alfajiri, kisha uweke hapa mistari yote ya `tracert` pamoja na idadi na muda wa kila `ping`. Ficha anwani yako ya umma kabla ya kubandika.