Nilifuta skonzi, mkate ukaanza kuonyesha hasara

Nina kibanda cha kuoka Morogoro. Ukiingia utakuta tanuri moja la matofali, mashine moja ya kukandia na bidhaa tatu: mkate wa slesi, skonzi za pakiti ya sita, na keki ndogo. Mwaka jana nilifuta skonzi kwa sababu karatasi ilisema zinanipa hasara. Karatasi haikukosea hesabu hata shilingi. Nieleze basi nilivyopotea, maana naona wenzangu wengi wa viwanda vidogo wanaelekea huko huko.

Kijana anayenitunzia vitabu alinifungulia Excel mwisho wa mwezi, akaniambia, "Mama, skonzi zinakula faida ya mikate." Mwezi ule mikate iliuza milioni 9, skonzi milioni 3, keki milioni 3. Vitu vinavyoliwa na kila bidhaa yenyewe, yaani unga, sukari, hamira, mafuta, mayai, mifuko na boda ya kusambaza, vilikuwa milioni 5.4 kwa mikate, 2,250,000 kwa skonzi na 1,650,000 kwa keki. Zilibaki gharama za jengo zima: pango 900,000, mishahara 2,100,000, kuni 700,000, uchakavu wa tanuri na mashine 400,000, na mengineyo kama leseni, maji na taka 400,000. Jumla milioni 4.5.

Hiyo milioni 4.5 aliigawa kwa kufuata mauzo. Kila bidhaa ikabeba senti 30 kwa kila shilingi iliyouza, kwa hiyo skonzi zikabebeshwa 900,000. Ukitoa 900,000 kwenye 750,000 iliyobaki baada ya unga na mengine, unapata hasara ya 150,000. Mikate ilionyesha faida ya 900,000 na keki 450,000. Faida ya kibanda kizima ilikuwa 1,200,000.

Nikapiga hesabu ya haraka kichwani: nikiondoa hasara ya 150,000, faida itapanda hadi 1,350,000. Jumatatu iliyofuata hatukuchoma skonzi.

Mwisho wa mwezi faida ilikuwa 450,000.

Nilidhani nimeibiwa. Nilihesabu magunia ya unga stoo, nikapitia risiti za kuni, nikamwangalia vibaya kijana wa watu asiye na kosa. Hakuna aliyeiba. Nilipoacha skonzi niliacha kununua unga na mifuko yake, lakini mwenye nyumba hakunipunguzia pango. Mlinzi alilala pale pale mlangoni kwa mshahara ule ule. Tanuri lilizidi kuchakaa, na fedha zake nilishazilipa miaka minne nyuma, kwa hiyo hapakuwa na cha kuokoa. Zile 900,000 hazikuondoka na skonzi. Zilibaki, zikahamia kwa mikate na keki. Kilichoondoka ni 750,000 ambazo skonzi zilikuwa zinachangia kulipia hilo jengo. Toa 750,000 kwenye 1,200,000, unabaki na 450,000 kamili.

Kuni ndizo zilizonishangaza zaidi, kwa sababu nilikuwa na uhakika zitapungua. Tanuri la kuni ukilijua utacheka. Tunawasha saa nane usiku, na alfajiri saa kumi likiwa na moto mkali mikate inaingia. Mikate ikitoka moto umeshuka kidogo, hapo ndipo skonzi huingia. Skonzi zikitoka, joto limeteremka hadi pale keki zinapopenda. Kwa hiyo skonzi zilikuwa zinaiva kwa joto la bure, masalia ya mikate. Nilipoziondoa, kuni zilikuwa zile zile, na sisi tukabaki tumekaa kwenye ndoo tukisubiri tanuri lipoe. Siku ya pili nilikosa subira nikaingiza keki mapema. Zikaungua juu, katikati bado uji.

Pale nikaelewa pia kwa nini lile wazo la "nafasi ya skonzi tutachoma keki zaidi" halikuwa na maana kwangu. Nafasi niliyokuwa nimeifungua ilikuwa ya joto lisilofaa keki. Na hata kama ingefaa, keki zangu zilikuwa tayari zinarudi mbili tatu kila siku kutoka madukani.

Mwezi wa pili bila skonzi ulikuwa mbaya zaidi. Mangi mmoja wa Kihonda aliniuliza, "Mama mkate, skonzi ziko wapi?" Nikamwambia nimeacha. Hakusema kitu, ila wiki iliyofuata alikuwa anapokea mikate na skonzi kutoka kwa mwokaji mwingine, kwa sababu hataki kupokea boda mbili asubuhi na kutafuta chenji mara mbili. Maduka manne yaliondoka hivyo. Nilipoteza mikate 20 kwa siku. Kila mkate nauza 1,500 na unaniachia 600, siku 26 za kazi, hiyo ni 312,000. Faida ya mwezi ikawa 138,000.

Kijana alipofungua karatasi ya mwezi huo alinyamaza kwa muda. Aligawa milioni 4.5 kwa mtindo ule ule wa mauzo, na sasa mikate, nguzo ya kibanda, ikabebeshwa karibu 3,297,000 wakati yenyewe ilikuwa imeacha 3,288,000. Mkate ulikuwa na hasara ya kama shilingi elfu tisa, umewekwa rangi nyekundu. Kwa mantiki iliyofuta skonzi, nilitakiwa sasa nifute mkate, kisha nibaki na keki peke yake zikilipia tanuri, mlinzi na pango. Nilimwambia afunge hiyo kompyuta tunywe chai.

Tulivyoipanga karatasi upya ni hivi. Kila bidhaa inaandikwa mauzo yake, kisha zinatolewa gharama ambazo zingekoma kama bidhaa hiyo ingekufa kesho. Kinachobaki ndio mchango wake. Michango yote inajumlishwa, na gharama za jengo zinatolewa chini kabisa, mara moja, bila kumgawia mtu. Sitaki tena kuona pango limekatwa vipande. Mgao si uongo. Kuna siku unauhitaji, kwa mfano ukitaka kujua bei zako kwa ujumla zinabeba jengo au la. Ila haukwambii kitakachotokea ukifuta.

Kazi ngumu ni hilo neno "zingekoma". Hapo usimwamini mtu anayekupa orodha ya vitabuni, kaa chini upitie malipo moja moja. Mimi nilikuwa na kijana anayepanga na kufunga skonzi tu, mshahara wake 250,000. Yumo ndani ya ile mishahara ya 2,100,000, na kwenye karatasi ya zamani alionekana ni gharama ya wote. Kumbe ni ya skonzi. Kama ningemwachisha kazi, kufuta kungenipotezea 500,000 badala ya 750,000. Bado ni hasara, lakini ni namba nyingine. Sikumwachisha, nilimhamishia kwenye mikate ambako hakuwa na kazi ya maana, kwa hiyo sikuokoa chochote. Ukisema gharama itaepukika, kuwa tayari kumwangalia mtu usoni na kumwambia. Kama hutafanya hivyo, usiiandike kama akiba.

Sasa tuseme mbali na kijana huyo nina pia mashine ya kukodi ya kukatia skonzi kwa 600,000 kwa mwezi. Jumla 850,000, na kinachobaki baada ya unga na mifuko ni 750,000. Hapo skonzi zingestahili kufa, na mapema. Bidhaa ambayo bei yake haifikii hata unga wake nayo haina mjadala, labda kama inavuta wateja wa kitu kingine, na hilo uthibitishe kwa majina ya maduka, usiseme kwa hisia.

Muda nao una neno lake. Pango ninaloliita haliepukiki, haliepukiki hadi mkataba uishe. Kama ningekuwa na vyumba viwili na chumba cha skonzi kinakodishwa peke yake, ningesubiri mwezi wa mkataba kuisha na kupiga hesabu upya nikiweka kodi ya chumba hicho upande wa skonzi. Kwangu tanuri limejengwa ukutani, chumba ni kimoja, kwa hiyo kila mkataba ukija jibu linabaki lile lile. Wewe huenda sivyo.

Skonzi nilizirudisha mwezi wa tatu tangu niziache. Maduka mawili kati ya manne yalirudi. Mangi wa Kihonda hakurudi.

Kisha mwaka huu likaja jaribio la kweli. Shule moja ya bweni iliniomba mikate 80 kila siku ya shule, kwa 1,300. Kwa mauzo inapendeza, zaidi ya milioni 2.2 kwa siku 22. Lakini mikate hiyo ingebidi iingie kwenye tanuri muda ule ule wa skonzi, baada ya kuongeza kuni za 4,000 kila siku ili moto upande tena. Hapa swali halikuwa tena kama skonzi zina faida au hasara. Lilikuwa ni nani analipa zaidi kwa saa ile ya tanuri. Kila mkate kwa bei hiyo ungeniachia 400. Mara 80, mara siku 22, ni 704,000. Toa kuni 88,000, inabaki 616,000. Skonzi zinaniachia 750,000, na kijana anayezifunga ningemhitaji kwa vyovyote, kwa hiyo mshahara wake hauingii kwenye ulinganisho.

Kwa 1,400 ingefika 792,000, imeizidi skonzi kwa 42,000 tu, na shule ikifunga mwezi mzima sina kitu huku maduka ya skonzi yameshahama. Nilimwambia mhasibu wao bei yangu ni 1,500 kama ya dukani. Akasema atazungumza na mkuu wake halafu atanipigia. Hiyo ilikuwa Machi. Asubuhi ya leo skonzi zimetoka saa kumi na mbili kasoro, pakiti 118, na boda ameshaondoka nazo.