Kwa Nini Wanafunzi Hawaji Wenyewe kwa Ushauri Nasaha?

Swali: "Ninasimamia ushauri nasaha katika shule ya bweni nchini Kenya. Nimetangaza huduma hii gwarideni mara nyingi, lakini wanaofika ofisini ni wale tu wanaoletwa na naibu mwalimu mkuu. Nifanye nini waje wenyewe?"

Jibu: Mwalimu, ikiwa njia ya kufika kwako inapitia kwa naibu, anayeonekana akibisha hodi hudhaniwa ama ana kesi ya utovu wa nidhamu ama "amechanganyikiwa". Tangazo haliondoi dhana hiyo. Pengine huiongezea nguvu. Kwanza kubaliana na naibu kwamba ushauri usiwe sehemu ya adhabu, na kwamba hutamwandikia ripoti ya yale uliyoambiwa.

Kisha watafute wenye shida mahali wanapokwenda tayari. Chukua mfano wa msichana wa kidato cha pili anayefika zahanati ya shule karibu kila Jumatatu akilalamikia kichwa na tumbo. Anapimwa malaria, haonekani nayo, anapewa dawa ya maumivu na kurudi darasani. Maumivu hayo si ya kuigiza: tangu wazazi wake watengane hajalala vizuri, na kuumwa kichwa hakumwaibishi mtu bwenini kama kulia usiku kunavyomwaibisha. Kwa hiyo muuguzi anapoona mwanafunzi amerudi mara kwa mara bila chanzo kupatikana, amuulize kuhusu usingizi, chakula na nyumbani, nawe ukutane naye huko huko zahanati.

Kabla hajaanza kusimulia, mweleze kwamba siri yake utaitunza isipokuwa uhai wake au wa mwingine uwe hatarini, au awe anadhulumiwa. Sharti hilo likitajwa baada ya yeye kufunguka, atahisi amesalitiwa, na habari za usaliti hufika mabweni yote kabla ya chakula cha jioni.

Njia nyingine imejaribiwa humo humo Kenya. Katika utafiti wa programu ya Shamiri uliochapishwa 2021, wanafunzi 413 wa sekondari waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walifundishwa mbinu za kusoma, wengine walikutana kwa makundi saa moja kwa wiki, wiki nne, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari. Hao wa pili walizungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo wanayoyathamini, bila kuitwa wagonjwa. Hata hivyo dalili zao za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi. Kwa maoni yangu, faida yake kubwa kwako ni kwamba mwanafunzi anaweza kuhudhuria bila kukiri lolote mbele ya wenzake.

Makundi hayo hayachukui nafasi ya matibabu. Mwanafunzi anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Mzazi au mlezi aarifiwe, na mwanafunzi afikishwe hospitali siku hiyo hiyo akisindikizwa na mtu mzima anayemwamini.