Kadi ya usafiri: salio lako linalindwa kuanzia lini?

Nilinunua kadi dirishani na inafanya kazi bila shida. Kuna haja gani ya kuisajili mtandaoni?

Kadi isiyosajiliwa ni kama noti: aliyeishika ndiye mwenye nayo. Ikipotea, hata ukiwapigia huduma kwa wateja, hawana cha kuwaonyesha kuwa salio lile ni lako.

Fungua akaunti kwenye tovuti au programu rasmi ya kampuni ya usafiri, thibitisha barua pepe yako, kisha ingiza namba ndefu iliyochapwa kwenye kadi, kwa kawaida upande wa nyuma. Baadhi ya kadi zina pia namba fupi ya usalama kando yake. Fanya hivyo sasa, kadi ikiwa mkononi, kwa sababu maandishi yale hufifia kwa kusuguana na pochi, na kadi ikishapotea kwa kawaida huwezi tena kuisajili. Namba hiyo ihifadhi mahali pengine pia.

Niliongeza salio kwa simu na benki imeshakata pesa, lakini mashine ya kituoni bado inaonyesha salio la zamani. Pesa imekwenda wapi?

Haijapotea. Kuna mifumo ambayo salio hukaa kwenye seva, na hapo pesa huonekana mara moja. Lakini katika mifumo mingi salio limeandikwa ndani ya chipu ya kadi yenyewe. Ulicholipa mtandaoni kinasubiri kama oda, na huingia kwenye chipu pale tu unapogusisha kadi kwenye mashine iliyokwisha kupokea oda hiyo. Mashine za stesheni huipata mapema. Za kwenye basi huchelewa, maana nyingine husubiri hadi gari lirudi depo. Tazama pia masharti, kwani oda isiyochukuliwa kwa muda fulani hufutwa na pesa kurudishwa.

Nikiwasha kujaza kiotomatiki, nichague viwango gani? Ya mwenzangu iliacha kufanya kazi ghafla na kadi ikafungwa.

Unapanga mambo mawili: salio likishuka chini ya kiasi gani ndipo lijazwe, na lijazwe kiasi gani. Ushauri wangu ni kujaza kiasi kidogo, hata kama kitakatwa mara nyingi zaidi. Sababu utaiona katika jibu linalofuata.

Kuhusu mwenzako, kwanza ningetazama tarehe ya mwisho ya kadi yake ya benki. Mara nyingi mashine huongeza salio papo hapo, kisha kampuni ndiyo inaidai benki baadaye. Benki ikikataa, kwa kuwa kadi imeisha muda au akaunti haina kitu, abiria anakuwa ameshapewa salio asilolilipia, na kampuni humfungia kadi hadi alipe. Ukipewa kadi mpya ya benki, ingiza taarifa zake kwenye akaunti ya usafiri siku hiyo hiyo.

Kadi yangu iliyosajiliwa ilipotea Ijumaa ikiwa na nauli ya safari 4 tu. Nikaripoti Jumapili, nikakuta benki imekatwa nauli ya safari 10. Imekuwaje?

Pole sana. Kujaza kiotomatiki kuliendelea kufanya kazi kwa aliyeiokota. Tuseme uliamuru salio lijazwe likishuka chini ya safari 3. Alisafiri mara 2, zikabaki 2, zikaongezwa 10, zikawa 12. Akisafiri mara 5 nyingine kabla hujaripoti, utakuta 7. Hizo 7 ndizo zinazolindwa. 7 alizotumia huzirudishiwi, kwa sababu ulinzi huanza unaporipoti, si kadi inapopotea. Ungeripoti Ijumaa kabla hajaitumia, safari zako 4 zingebaki na benki isingeguswa.

Kwa hiyo ukiikosa kadi, ingia kwenye akaunti na uiripoti kwanza, ndipo uendelee kuitafuta. Hakikisha kujaza kiotomatiki nako kumezimwa, kisha hifadhi ujumbe wa uthibitisho wenye saa uliyoripoti. Namba ya kadi huingizwa kwenye orodha ya zilizofungwa, na orodha hiyo huchukua muda kuzifikia mashine zote. Safari ikikatwa baada ya saa hiyo, dai ukiwa na ujumbe huo.

Nimeipata kadi niliyoiripoti. Naweza kuifungua?

Kwa kawaida hapana, kufungwa huko ni kwa kudumu. Salio huhamishiwa kwenye kadi mpya, na huenda ukalipia bei ya kadi. Ikifika, angalia kwenye akaunti kama kujaza kiotomatiki kumehamia kwenye namba mpya. Mara nyingi itabidi ukuwashe upya mwenyewe.